Mtabiri wa Meza ya Kukatia

Wifi yangu haambiwi kitu. Mtu akifungua mdomo, yeye ameshajua. Asipoufungua, ndiyo kabisa, anajua na ya ziada. Nyumbani tunamwita Mtabiri, jina alilojitafutia kwa jasho lake. Kwa kazi ni mkata vitambaa katika karakana ya sare za shule, na kwa bahati nzuri ya watoto wa watu, huko hapimi mikono ya mashati kwa utabiri.

Nimeishi nao tangu kaka yangu alipomwoa, kwa hiyo fani yake naijua. Ina matawi mawili. La kwanza ni kusoma mawazo ya watu. Binti yake anayesoma mbali akimwandikia kwenye simu "Sawa mama", basi mtoto kakasirika, kwa sababu juzi aliandika "Sawa mama yangu". Hilo "yangu" limekwenda wapi? Tawi la pili ni kukuza. Mtoto aliyekasirika hatarudi likizo. Asiporudi likizo atazoea huko, akizoea atatusahau, na siku mama akifa atazikwa na majirani. Mazishi hayo yote yalikwisha kabla chai haijapoa. Kumbe binti alikuwa darasani, anaandika huku kaficha simu chini ya dawati.

Tungeendelea kucheka, lakini moyo wake ukaanza kumwenda mbio na usingizi ukamhama. Hospitali wakampima wakasema moyo mzima, wakampeleka kwa mshauri wa afya ya akili. Nilimsindikiza, na yeye mwenyewe akasema niingie naye ndani. Niliingia kwa nia safi kabisa ya kusikiliza yasiyonihusu.

Nilitegemea mshauri atamwambia asiwe na wasiwasi. Maneno hayo yangekuwa dawa, mimi ningekuwa daktari bingwa, maana nimeyasema mpaka ulimi umeota sugu. Hakuyasema. Aliuliza, "Mama, kwenye ule ujumbe wa mtoto, uliona nini kwa macho yako?"

"Niliona 'Sawa mama'."

"Na hasira uliiona wapi?"

"Hasira nilijua tu."

"Ulijua, au ulidhani?"

Mimi nikakohoa, mshauri akanitazama, nikaacha kukohoa.

Akatueleza kwamba kila binadamu hubahatisha mawazo ya mwenzake, wala si kosa. Balaa huja pale dhana inapokaa kwenye kiti cha ukweli na mtu akaanza kuitii. Kuhusu yale mazishi, alimrudisha hatua kwa hatua: hili likitokea, lile ni lazima lifuate? Lipi baya kabisa linaloweza kutokea, lipi jema kabisa, na lipi linaloelekea zaidi kutokea? Na hata lile baya likija, utafanya nini, na nani atakuwa upande wako? "Sisemi mabaya hayatokei," alisema. "Dhana nyingine ni za kweli. Ndiyo maana hatuzizimi, tunaziuliza." Akampa kazi ya nyumbani: kabla ya kutenda lolote kwa dhana, amuulize mwenye hicho kichwa anachokisoma. Mgala muue na haki yake mpe, niliyapenda maneno ya yule dada.

Wifi naye aliyapenda. Aliyatumia vizuri sana mpaka siku yalipohitajika.

Siku hiyo alikuwa ametandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, akachora mistari kwa chaki. Pale karakanani hakuna kukata kabla msimamizi hajaikagua mistari, kwa sababu ukikosea juu umeharibu rundo zima mpaka chini. Msimamizi akainama. Akakunja uso. Akainama zaidi, karibu pua iguse kitambaa, akakaa hivyo muda mrefu. Mwisho akasema, "Kata. Kesho asubuhi njoo ofisini kwangu."

Alifika nyumbani keshafukuzwa, keshazeeka, na sisi sote tumeshahamishwa nyumba. "Nilimwona usoni," akaniambia. "Amenichoka. Dalili ya mvua ni mawingu, wifi."

Mezani kaka yangu alikula kimya, akasukuma sahani, akaenda kulala. Mtabiri akanigeukia. "Umeona? Anawaza ameoa mzigo."

"Muulize."

"Sina haja ya kumuuliza. Namjua mume wangu."

Asubuhi akachukua mfuko mtupu wa kubebea mkasi wake. Alikuwa ameamua kuacha kazi mwenyewe kabla hajaachishwa. Akiingia tu ofisini, atasema. Hapo sikucheka. Nyumba yetu inasimama kwa mikono ya huyu mwanamke, na kazi ile anaipenda kuliko anavyokubali kusema.

"Haya, acha," nikamwambia. "Uache kazi kwa sababu ya mikunjo ya uso wa mtu mzima. Mshauri alikwambia uanze na nini?"

Akaondoka na mfuko wake. Kaka yangu akatoka chumbani kashika shavu, akaniuliza kama tuna karafuu, jino limemtesa tangu jana jioni. Nikamtazama tu.

Tangu alipoondoka nilikuwa dirishani, nafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Jua lilikuwa bado juu nilipomwona anarudi, mapema kuliko siku zote, mfuko umejaa, rula ndefu ya mbao imechomoza juu. Nikaelewa yote. Wamemfukuza, kakusanya vifaa vyake. Kwa huzuni hii, huyu atakula kweli? Nitamwambia nini binti? Nilikuwa nimefika kwenye kuuza kabati la vyombo alipofungua mlango.

"Pole, wifi," nikasema, machozi yananilengalenga.

"Pole ya nini?"

Akaniketisha, akasimulia. Aliingia ofisini na sentensi yake ya kuacha kazi ikiwa tayari mdomoni. Akaamua kuuliza kwanza, kisha ndiyo aache. "Bosi, jana ulikunja uso kwenye mistari yangu. Ulikuwa unawaza nini?"

Msimamizi akasema, "Nilikuwa naitafuta. Siioni tena hiyo chaki. Macho yanakwisha, na kwa muda sasa napitisha kazi yako kwa kukuamini tu. Nilijua umeshagundua na unanidharau, maana ukiniona unainamisha uso."

Wifi naye alikuwa akiinamisha uso kwa kumwogopa. Watu wawili wazima, meza moja, kila mmoja anamsoma mwenzake kichwani, na wote wamefeli mtihani.

Kumbe msimamizi alimwita kumwomba ashike yeye ukaguzi wa mistari. Rula ile ilikuwa yake msimamizi, kamkabidhi pamoja na vifaa vyake vya ukaguzi. Wifi akakubali, kisha akampeleka kliniki ya macho, ndiko alikotoka. Hawajui kama macho yatapona, na mzee wa watu alikuwa na hofu. Katika majanga yote aliyotabiri wifi yangu, hili halikuwamo, na lilipokuja alimshika mwenye nalo mkono wakaenda.

Nikamweleza habari ya jino la mumewe. Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akaacha kucheka.

"Wifi, nimebakiza mmoja wa kumuuliza," akasema. "Tangu niingie nyumba hii, najua unaniona sikumfaa kaka yako. Najua, au nadhani?"

Utani wote niliomtupia miaka yote nikausikia upya, kwa masikio yake.

"Unadhani," nikasema. "Nimesimama pale dirishani tangu ulipoondoka. Nakupenda, wifi. Nilidhani unajua."