Leonia na Neno la Kumgeuza Mgonjwa

Leonia hakuwahi kumgusa mgonjwa kabla ya kumwambia anachotaka kufanya. Hata asiyesikia alimwambia. "Mama, nakugeuza sasa, upande wa ukutani," ndipo mikono ifuate. Alizaliwa Kalinzi, akasomea uuguzi, na kwa miaka kumi na moja alifanya kazi wodini mjini Kigoma. Nilimfahamu wakati mama yangu, Bi Fatu, alipopooza upande mmoja. Leonia alikuwa amepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu Ujiji, akawa anapita kila atokapo zamu tumgeuze pamoja, mgongo usije ukatoka vidonda.

Mwaka ule alikuwa anajifunza Kijerumani. Nyumba moja ya kutunzia wazee huko Ujerumani ilimwekea nafasi, mradi afaulu mtihani wa lugha kabla Juni haijaisha. Kuandika alifaulu. Kuzungumza alianguka. Aliporudi kutoka Dar es Salaam, alikofanyia mtihani, alikaa kwenye kigoda chetu na mkoba wake mapajani, kama mtu ambaye bado yuko safarini.

Aliulizwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza afanyiwe nini. Akajibu kwa neno la kitabuni, umlagern, kila baada ya saa mbili. Mtahini akamtazama, akamuuliza tena. Naye akarudia vilevile, kwa sauti kubwa zaidi.

Mwalimu wake, Abdulatif, aliyemfundisha kwa simu, ndiye aliyemweleza. Neno hilo likikaziwa mwanzoni, kwenye um, ni kumbadilisha mtu mkao. Likikaziwa katikati, kwenye la, ni kumzingira, kama umati unavyomsonga mtu. Leonia alikuwa amesema kwamba kila saa mbili wauguzi wamzingire mgonjwa.

"Lakini herufi ni zilezile, dada," aliniambia. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili; nililiandika neno hilo mara mbili kwenye karatasi, nikaona ni kweli.

Mwalimu Abdulatif alisema kosa linatoka nyumbani. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno, kwa hiyo ulimi wetu ukikutana na umlagern unakwenda wenyewe kwenye la. Leonia akajitetea kwamba yeye ni Muha, na Kiha kina sauti zake za kupanda na kushuka. Akaanza kupandisha sauti kila mahali. Mwalimu akamwambia sasa kila anachosema kinaishia juu kama swali.

Kisha likazuka jingine. Neno likiwa na mkazo mwanzoni, katika sentensi ya kawaida kile kipande um hukatika na kwenda kukaa mwisho: Ich lagere Sie um, nakugeuza. Mkazo mkuu unakifuata hukohuko, halafu sauti inashuka. Lile la kuzingira halikatiki. Leonia, kwa mazoea yaleyale, aliukaza mkazo kwenye Sie, yaani wewe. Mwalimu akamwambia kwamba akisema hivyo ni kama anamgeuza huyu, si yule wa kitanda cha pili.

"Nikiacha kosa moja nakuta jingine," alisema Leonia.

Mwalimu alitutumia sauti yake akiyatamka yote mawili, tubahatishe lipi ni lipi. Nilisikiliza mara nyingi, simu sikioni. Nilipopatia, nilijua ni bahati tu.

Zilibaki wiki mbili arudie mtihani wa kuzungumza. Alasiri moja tulikuwa tunamgeuza mama kama kawaida, moja, mbili, haya, na kwenye haya ndipo tunapovuta. Leonia alikuwa ameingiza mikono chini ya nyonga ya mama. Badala ya kuhesabu akasema taratibu, "Ich lagere Sie," akavuta, na um ikatoka pamoja na uzito. Mama alipotua kwenye mto, pumzi ya Leonia ikashuka naye. Kisha akaomba tumrudishe mama, ajaribu tena.

"Mimi si chapati, mwanangu," mama alisema, uso ukutani.

Lakini alikubali. Kwa wiki mbili aligeuzwa kwa Kijerumani, akawatambia majirani waliokuja kumtazama kwamba hakuna mwingine Ujiji nzima anayetunzwa hivyo.

Leonia alifaulu. Alisimulia kwamba swali lilipofika aliikunja mikono chini ya meza, akavuta, na mtahini akapita kwenye swali linalofuata. Nilimuuliza kama sasa anaisikia tofauti. Akasema kuisikia hajui, ila mikono yake inajua.

Mimi bado nina ile sauti ya mwalimu kwenye simu. Huifungua jioni, nikachagua lipi ni lipi, na mpaka leo sina hakika.

Aliondoka Oktoba. Bajaji ilikuwa inamsubiri mlangoni, begi limefungwa nyuma kwa kamba. Alikuwa amekwisha kumuaga mama, akarudi hadi kizingitini.

"Dada, saa nane usisahau. Mwambie kwanza, ndipo umgeuze."