Oda ya Mursik Iliyolala Kwenye Jedwali

Mpaka leo nikisikia harufu ya maziwa lala ya paketi, natoka dukani.

Nilikuwa nauza mursik pale Litein, yale maziwa yetu ya kugandisha, yanayokaa siku tano kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa kabla ya kuiva. Nilichoka kupigiwa simu nikikamua, kwa hiyo nikatengeneza fomu ya oda mtandaoni. Mteja akijaza, oda inaingia yenyewe kwenye jedwali. Kisha nikaongeza programu ya bure, ya kuunganisha tu bila kuandika msimbo wa kompyuta: kila mstari mpya ukitokea kwenye jedwali, inanitumia email. Nilijiona nimefika.

Kiburi kikanipeleka kutangaza kanisani. Waumini wetu hawajui kukupongeza kwa mdomo tu. Ibada ilipoisha kila mmoja alitoa simu akajaza fomu kuniunga mkono. Mmoja aliandika, "Mungu akubariki, sihitaji maziwa." Email zikamiminika, nami nikacheka kama mjinga. Sikujua kila email inahesabiwa, na kwamba mpango wa bure una kiwango chake cha mwezi. Baraka zao zilikimaliza. Programu ikanitumia onyo, likaangukia kati ya matangazo nisiyofungua kamwe.

Fomu iliendelea kupokea oda, jedwali likaendelea kujaa. Email tu ndiyo ilinyamaza. Na mimi, kwa uvivu wangu, niliona kimya nikadhani hakuna wateja. Jedwali lenyewe sikulifungua.

Jumamosi asubuhi alifika kogo mmoja, bibi mzee kutoka Ndanai, na mwendesha boda akimngoja. Koito ya mjukuu wake, sherehe ya posa, ilikuwa saa sita, na wageni hupokewa kwa mursik.

"Nimekuja kuchukua kile kibuyu. Msichana wetu alijaza ile fomu kwa simu, wiki imeisha," alisema.

Nikafungua jedwali. Oda yake ilikuwepo, mstari wa mwisho, na tarehe yake. Siku tano huwezi kuzitengeneza kwa saa tatu.

"Kogo, ngoja kidogo, nakuletea," nikamwambia.

Mume wangu akaninong'oneza jikoni, "Weka tu ya paketi, koroga na mkaa. Nani atajua?"

Nilipaswa kukataa. Nilipaswa kutoka nje niseme, kogo, nimekosa. Badala yake nilimimina paketi nne kwenye kibuyu, nikakoroga unga wa mkaa kwa mwiko mpaka rangi ikawa ya kijivu. Nilijichukia mkono ukiendelea kukoroga. Kogo alikipokea kwa mikono miwili, akaniombea baraka, akanilipa.

Jumatatu yule boda alinirudishia kibuyu.

"Kogo amesema asante," aliniambia bila kuniangalia. "Wageni walipewa chai."

Nilikipokea. Kilikuwa bado kimejaa.