Cheo Ambacho Hakuna Aliyekitafuta

Tangazo lile la kazi nililiandika mimi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba liliandikwa na makao makuu, na huo ni uongo. Makao makuu walitoa cheo tu. Kukipenda na kukitetea ilikuwa kazi yangu, na niliifanya kwa moyo wote.

Nilikuwa karani wa utumishi katika tawi la kampuni ya uwakala wa forodha pale Tunduma, wakati bado tukiitwa mkoa wa Mbeya. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hayavuki mpaka bila karatasi, na karatasi za wateja wetu ziliandaliwa na dada mmoja, mtoto wa wakulima wa milima ya Ileje. Yeye ndiye aliyejaza tamko la forodha la kila mzigo, akalituma kwenye mfumo, kisha akalifuatilia hadi lori liruhusiwe. Awali walikuwa wawili, lakini mwenzake aliacha kazi ghafla akahamia Dar es Salaam. Mpaka mzima, mwenye kazi hiyo anaitwa "declarant". Asiyejua neno hilo atasema "mtu wa clearing", na kila mtu atamwelewa, kuanzia dereva hadi mama anayeuza maandazi getini.

Sisi tu ndio tuliokuwa hatulisemi. Mkuu mpya wa utumishi kule makao makuu alikuwa amebadilisha vyeo vyote vya kampuni. Yule dada akawa, kwa Kiingereza cha makao makuu, kitu ambacho kwa Kiswahili ni Afisa Mtendaji wa Uwezeshaji wa Ushoroba, Daraja la Pili; ushoroba wenyewe ni ile njia kuu ya malori. Barua yoyote yenye cheo cha zamani ilirudishwa. Na mimi, niliyekuwa nikipiga chapa barua na kununua sukari ya ofisi, nikawa Mratibu wa Rasilimali Watu na Huduma za Tawi. Nilichapisha kibao cha mezani siku hiyohiyo. Usinicheke; nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuwa mratibu wa chochote.

Dada alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Wa kwanza ulikuwa umemharibikia, na huu ulikuja na presha. Daktari alimwandikia karatasi kwamba apumzike mara moja. Aliileta kwangu, nikaipeleka kwa meneja.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Tanga, mswalihina, mpole hata akikukaripia. Lakini aliisoma ile karatasi kwa hofu ya mtu anayeona ofisi yake inafungwa.

"Akiondoka leo, kesho nani atatuma matamko?" aliniuliza. "Wewe?"

Sikuwahi kujaza tamko hata moja.

"Basi mtafute mtu, bwana. Akipatikana, hata saa hiyohiyo huyu binti anaondoka."

Haikuwa haki, na kisheria haikuwa halali, nami nililijua hilo kwa sababu sheria za kazi zilikuwa kwenye droo yangu. Sikusema. Nilijiambia kwamba nitampata mtu ndani ya wiki moja, kila kitu kiishe kwa amani.

Nikaliandika tangazo na kuliweka kwenye tovuti ya ajira iliyokuwa maarufu wakati huo, nikiwa na nywila ya kampuni mfukoni. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, nikaweka kile cheo kirefu chote. Dada alisimama nyuma yangu, mkono kiunoni, akasoma.

"Kaka," alisema kwa lafudhi yake ya Kindali, lugha ya kwao Ileje, "nani atajua kwamba hiyo ni kazi yangu?"

"Mwenye akili atafungua asome ndani," nikamjibu. Nilisema kwa ukali. Kama cheo chake kilikuwa cha kuchekesha, changu je?

Wiki ya kwanza tulipata barua mbili. Moja ya kijana aliyesomea jiografia, nyingine ya fundi wa barabara za lami. Wiki ya pili haikuja hata moja. Kila asubuhi nilifungua sanduku la barua pepe, na kila asubuhi dada aliinua macho kutoka kwenye kompyuta yake, akanitazama, kisha akayarudisha chini bila kuuliza. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi akawa anavaa kandambili ofisini. Madereva wa Kizambia walichungulia dirishani, "Mayo," wakimwita mama kwa lugha ya kwao, "karatasi zangu vipi?" naye akawajibu kwa upole wakati mimi nilitaka kuwatupia kiti.

"Watu wamekuwa wavivu siku hizi," nilimwambia meneja. "Hawataki kazi."

Niliamini hivyo. Hilo ndilo linaloniumiza.

Wiki ya tatu, mchana mmoja, umeme ulikatika upande wetu, nikaenda kwenye duka la intaneti karibu na stendi, lililokuwa na jenereta, kuangalia kama barua yoyote imeingia. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo aliyewatafutia kazi watu wasiojua kompyuta. Hapakuwa na barua. Nikasema ngoja nilione tangazo langu kama mtu baki anavyoliona. Nikafungua tovuti ileile, nikaweka kishale kwenye kisanduku cha kutafutia, nikabonyeza herufi moja tu, C.

Maneno yakashuka chini ya kisanduku. Kompyuta ile ilikuwa inakumbuka kila kitu ambacho wateja waliotangulia waliandika. "Clearing." "Clearing and forwarding." "Clearing Tunduma." Nikafuta, nikabonyeza D. "Declarant." "Dereva." Nikabonyeza F, likatokea "forodha". Nikaenda kompyuta ya pili, maneno yalikuwa yaleyale. Nikatafuta neno hata moja la cheo chetu. Halikuwepo.

"Mama," nikamwita, "watu wa clearing wanakuja hapa kutafuta kazi?"

"Kila siku, baba. Ofisi zinafungwa, zinafunguliwa. Wanaandika hilohilo neno, wanashuka na macho kwenye vichwa vya matangazo, wasipoliona wanaondoka. Nani ana hela ya kufungua tangazo mojamoja kwa bei ya dakika?"

Nikaandika "clearing Tunduma" na kubonyeza. Yakaja matangazo ya kampuni nyingine, ya Dar es Salaam na ya Tanga. Letu halikuwemo. Tovuti ile ilikuwa inatafuta kwenye vichwa tu, na kichwani sisi hatukuwa na clearing, wala forodha, wala hata jina la Tunduma. Ndani ya tangazo kazi nilikuwa nimeieleza vizuri sana. Nilikuwa nimeuelezea ukuta. Nilihisi aibu iliyonipanda hadi masikioni.

Nilipaswa kuomba kibali makao makuu. Nilijua kibali kingechukua siku nne, na jibu lingekuwa hapana. Palepale nikaingia kwa nywila ya kampuni, nikakifuta kile cheo, nikaandika juu: "Declarant – Clearing and Forwarding, Tunduma." Basi. Sikuongeza mbwembwe. Kile cheo kirefu na daraja lake nikakishusha chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho, kwa kuwa ndicho kingeandikwa kwenye mkataba.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na barua nane. Adhuhuri zikawa zaidi. Watu wenye vyeti vya uwakala wa forodha, watu wanaoujua mfumo, watu walioandika namba za simu mara mbili ili nisikosee. Nikamkimbilia dada na kumwonyesha. Alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akaniambia niondoke apate kumaliza tamko la lori la mafuta ya kula.

Saa tisa simu ikalia. Mkuu wa utumishi mwenyewe.

"Nani amekuruhusu kubadilisha cheo cha kampuni hadharani?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Kirudishe kabla ya saa kumi."

Nilitazama kupitia mlango uliokuwa wazi. Dada alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ngumi, huku mkono mwingine ukiendelea kuandika.

"Nikikirudisha, mheshimiwa, watu hawatatuona tena," nikasema. "Kwenye mkataba kitabaki hichohicho chenu. Juu ya tangazo naomba kibaki wanachokitafuta wao."

"Nimesema kabla ya saa kumi."

Saa kumi ikapita, sikukirudisha. Barua ya onyo ilikuja kwa basi, imepigwa muhuri mara mbili. Meneja alinikabidhi bila kunitazama, akasema taratibu, "Endelea na usaili, bwana."

Tuliyemchagua alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mkimya, aliyefanya kazi hiyo mpakani kwa muda mrefu hadi kampuni yake ilipofungwa. Meneja alimpa tamko moja la majaribio, akalijaza bila kosa. Tulipomaliza nilimsindikiza mlangoni, nikamuuliza kama alikuwa hajaliona tangazo letu mapema.

"Lile la ushoroba?" alisema. "Nililiona tangu siku ya kwanza, kaka. Nikalipita. Nilidhani ni mradi wa wafadhili, wanataka watu wa barabara."

Nikataka kumuuliza kwa nini hakufungua asome ndani. Nikampa mkono.

Bado ilibidi jina lake lisajiliwe kwenye mfumo chini ya kampuni yetu kabla hajaweza kutuma chochote, na usajili huo ulichukua siku tano. Siku ya nne, saa nne asubuhi, dada alisimama kutoa karatasi kwenye printa, akasema macho yake yanaona giza, akaketi sakafuni. Tulimpeleka hospitali kwa gari la meneja. Meneja aliendesha mwenyewe, akisoma dua njia nzima, nami nilikaa nyuma nikiwa nimemshika dada bega. Sijawahi kuogopa vile tena. Usiku huohuo walimtoa mtoto kwa upasuaji.

Mtoto aliishi. Nasema mapema ili usikae roho juu. Alikuwa mdogo kiasi kwamba walimfunga kifuani kwa mama yake ili apate joto, nao wakakaa hospitalini wiki kadhaa hivyohivyo, ngozi kwa ngozi.

Nilikwenda kuwaona Jumapili na chupa ya uji. Mama yake dada alikuwa ameshuka kutoka Ileje, amekaa kwenye mkeka, ananiita mwanangu na kunishukuru kwa kumtafutia binti yake msaidizi. Sikujua pa kuweka uso.

"Huyo mtu mpya anaweza?" dada aliuliza.

"Anaweza sana. Hakuna lori lililolala."

"Mungu ni mwema. Kwao wapi?"

Ningeweza kusema Mbeya. Ningeweza kusema Dar es Salaam, na ingekuwa rahisi kwetu sote.

"Hapo Mpemba," nikasema.

Alinyanyua macho. Kutoka ofisini kwetu hadi Mpemba ni dakika chache tu kwa bodaboda.

"Alikuwepo hapo wakati wote?"

"Wakati wote, dada."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivuta kanga akamfunika mtoto kichwa, akageukia ukutani.