Moshi wa Udi Juu ya Nyeupe

Studio ya Saady pale Kasulu mjini ina vyumba viwili. Cha mbele kina kaunta, mashine ya fotokopi na pazia la buluu la kupigia picha za pasipoti. Cha nyuma hakina dirisha, na humo ndimo Niyonsaba amekaa mbele ya kompyuta miaka mingi kuliko aliyokaa shuleni. Aliingia akiwa msichana wa kukata picha kwa mkasi, akidhani atakaa mpaka mavuno tu. Mavuno yamepita mangapi, yeye mwenyewe ameacha kuhesabu.

Kilichomnasa ni cheche. Siku moja fundi wa kuchomelea mageti alitaka bango lenye cheche zinazoruka, na Saady, ambaye hajawahi kumwambia mteja "haiwezekani", akakubali. Niyonsaba akapata picha ya cheche iliyopigwa gizani, lakini kila alipoiweka juu ya bango ilikuja na boksi lake jeusi. Akakaa asubuhi nzima akifuta weusi kwa kifutio cha Photoshop, cheche zikabaki na masizi pembeni kama sufuria ya jikoni. Mwisho, kwa kuchoka tu, akaanza kujaribu, moja baada ya nyingine, njia za kuchanganya leya, yaani picha zinazolazwa moja juu ya nyingine. Alipofika kwenye njia iitwayo Screen, weusi wote ukatoweka, cheche zikabaki zinawaka juu ya geti kana kwamba zilizaliwa hapo.

Baadaye alielewa sababu. Kwenye Screen, picha ya juu inaiongezea mwanga picha ya chini. Nyeusi haina mwanga wa kuongeza, kwa hiyo haionekani. Penye mwanga ndipo panapong'aa. Na kama simu imepiga ile nyeusi ikatoka kijivu, ukungu wa boksi utabaki, basi lazima kwanza uikandamize mpaka iwe nyeusi kwelikweli. Jambo dogo hivyo, lakini mji mzima ukalipenda. Wahubiri wakaja, wauza nyama choma wakaja, kila mtu akitaka moto wake na moshi wake.

Shida ni kwamba kila sifa aliyopewa Niyonsaba ilikuwa kufuli. Mama yake anaishi Kumsenga, upande wa Kibondo, na macho yake yanafifia. Jirani ndiye anayemchotea maji. Kila Jumapili anapiga simu na kuuliza kwa Kiha, "Mwana wanje, uzoza ryari?" Mwanangu, utakuja lini? Na kila Jumapili Niyonsaba anajibu karibuni, kisha anaona aibu mpaka jioni.

Ndiyo maana Saady alipotangaza kwamba anafungua tawi Kibondo mjini, Niyonsaba alimwendea siku hiyohiyo.

"Bosi, nipeleke mimi."

Saady akajikuna ndevu. "Na huku moshi wangu atafanya nani?"

"Firdausi. Nitamfundisha."

Firdausi ni mtoto wa dada yake Saady, mwanamke mzima aliyeachika huko Ujiji akarudi kwa mjomba kutafuta la kufanya. Saady akafikiri, akasema sawa. Siku Firdausi atakapotoa kazi ya moshi peke yake, mteja akaridhika, Niyonsaba achukue kompyuta moja aende Kibondo. Alisema hivyo mbele ya watu, na Saady ni mtu wa kutimiza neno.

Niyonsaba akafundisha kwa moyo wote. Weka leya juu, chagua Screen, kandamiza nyeusi. Firdausi akashika upesi. Kitu kimoja tu Niyonsaba hakukitaja, kwa sababu hakikuwahi kumkuta: mabango yake yote yalikuwa ya rangi nzito, mekundu ya damu ya mzee au meusi kabisa. Hakuwahi kuweka moshi juu ya nyeupe.

Akaja Bi Safina, muuza udi na marashi. Akatoa chetezo kwenye mkoba, akawasha kipande cha udi palepale. Firdausi akatundika kitambaa cheusi cha kaniki nyuma, akaelekeza taa kutoka ubavuni, akapiga moshi unavyopanda. Picha nzuri mno. Kisha Bi Safina akasema anataka bango jeupe, duka lake lote ni jeupe.

"Fanya mwenyewe," Saady akamwambia Firdausi, akasimama nyuma ya kiti. Bi Safina naye akavuta kigoda. Niyonsaba akakaa ukutani, mikono mapajani.

Firdausi akaweka picha juu ya nyeupe, akachagua Screen. Weusi ukaondoka. Moshi nao ukaondoka. Ikabaki nyeupe tupu.

"Umekwenda wapi moshi wangu?" Bi Safina akauliza.

Niyonsaba aliona mara moja. Nyeupe imeshajaa mwanga, ukiongeza mwanga juu yake hakuna kinachobadilika. Jibu alikuwa nalo mdomoni. Akaling'ata.

Firdausi akarudisha njia ya kawaida, Normal, boksi jeusi likarudi na moshi wake. Akaweka Screen tena, tupu. Saady akaguna. Firdausi akazima ile leya nyeupe ya chini, na kwa kuwa chini hapakuwa tena na kitu, picha ikaonekana kama ilivyopigwa, nyeusi na moshi mzima. Akaitazama hivyo, kichwa ameinamisha upande, kimya. Akawasha nyeupe. Akazima. Mkono wake ukasogea taratibu kwenye sanduku la rangi, ukasimama.

Kimya hicho kilimshinda Niyonsaba. Alikuwa amezoea mteja asikae akitazama kosa. Alikuwa amezoea kuwa yeye ndiye wa kulirekebisha. Kabla hajajijua amesimama, ameshika kipanya kilichokuwa bado na joto la mkono wa mwenzake, na amemwaga zambarau iliyoiva sehemu ya chini ya bango, ikififia polepole kuelekea juu hadi nyeupe. Akasogeza chetezo na moshi kwenye zambarau, jina la duka akaliacha juu kwenye nyeupe. Moshi ukajitokeza, ukajikunja, ukapanda, na pale ulipofika kwenye nyeupe ukayeyuka wenyewe kama moshi unavyoyeyuka hewani.

"Mashaallah," Bi Safina akasema. "Hata harufu naisikia."

"Ni chetezo chako bado kinawaka, Bi Safina," Saady akacheka. Lakini macho yake yalikuwa kwa Niyonsaba, na alimtazama kwa upendo hasa, jambo lililofanya iwe vibaya zaidi. "Unaona mwenyewe, mwanangu. Nikikuachia, hapa nafunga. Kibondo ndiyo kwanza tunaanza, watataka pasipoti na fotokopi. Huko ataenda Firdausi. Wewe nakuongeza mshahara, nakuletea na feni."

Niyonsaba akafungua kinywa amkumbushe ahadi. Ahadi ilisema Firdausi atoe kazi peke yake, na kila mtu chumbani alikuwa ameona mkono wa nani ulikuwa kwenye kipanya. Akasema, "Sawa, bosi."

Saady akamsindikiza Bi Safina nje. Wakabaki wanawake wawili mbele ya kioo cha kompyuta. Firdausi hakuwa na hasira, na Kibondo hakuitaka. Alikuwa akiitazama ile zambarau.

"Nilikuwa nimeshaona, dada Niyo," akasema kwa sauti ya chini. "Nilitaka kuweka rangi chini yake. Nilikuwa nachagua tu ipi."

Niyonsaba akaketi kwenye kiti chake.

"Najua," akasema. "Niliona mkono wako unakwenda."