Anga la Kitindamimba

Pale studio ya picha walimwita Kiraka, na jina lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Kazi yake ilikuwa kuziba. Bibi harusi kafumba macho, yeye humfumbua kwa macho ya picha nyingine. Mjomba kachelewa kufika, yeye humchomeka nyuma ya mashangazi mpaka mtu aape kwamba alikuwepo tangu mwanzo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na wateja walimwamini kama mtu anavyomwamini mshonaji wake.

Mama yake alimwamini kupita wote. Ndiyo maana, matanga yalipokwisha na viti vya kuazima vikarudishwa, alimwita chumbani akamwambia, "Mwanangu, naitaka picha yenu nyote pamoja. Na yeye awemo."

Yeye alikuwa kitindamimba, kaka yao mdogo, aliyefia kiwandani ukuta ulipomwangukia. Mwezi mmoja kabla ya hapo familia ilikuwa imekutana nyumbani kwa mama. Jioni ya kwanza kitindamimba alipanda kilimani nyuma ya nyumba pamoja na binamu yao mpiga picha, akasimama mbele ya anga la machweo, akapigwa picha moja. Asubuhi yake alirudi kazini. Wengine walipigwa picha ya pamoja palepale siku iliyofuata, kilima kilekile, chini ya mawingu mazito. Basi kulikuwa na picha mbili, na hakuna hata moja yenye watoto wote.

"Nitakutengenezea, mama. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Kubwa. Ya ukutani. Na uweke anga lake yeye, siyo lenu lile la mvua. Aliporudi aliniambia, 'Mama, leo umepitwa na anga.' Nataka nilione."

Kiraka alimpigia binamu yake. Binamu alileta kadi ya kamera mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuvua kofia.

Picha ya kundi ilikuwa faili ghafi, yaani kila kitu ambacho kamera ilikusanya, kabla haijachagua cha kubakiza na cha kutupa. Kiraka aliifungua, akaisukuma huku na huku. Akiing'arisha, inang'aa. Akiitia giza, inaingia gizani taratibu, na sura zote zimo. Akapumua. Kisha akafungua ile ya kitindamimba, akaona jina la faili linaishia na JPEG: hapo kamera ilikuwa imekwisha kuchagua na kutupa.

"Ghafi yake iko wapi?"

Binamu aliangalia sakafu. "Kadi ilikuwa imekaribia kujaa, dada. Nilitoka harusini moja kwa moja. Nikabadili kamera iandike JPEG, zinakula nafasi ndogo. Nikajiambia, tunachezacheza tu kilimani, kesho nitampiga vizuri."

"Na kesho akaondoka."

"Na kesho akaondoka."

Kiraka hakumgombeza. Angeanzia wapi? Picha ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na giza. Mwanga ulikuwa nyuma ya kitindamimba, kwa hiyo uso wake ulikuwa karibu kivuli kitupu, na juu yake anga lilipanda kutoka rangi ya kutu hadi buluu iliyokolea, likiwa na vijiwingu vyembamba kama nyuzi za pamba. Ili asimame na wenzake, picha ilibidi ing'arishwe, tena sana.

Aling'arisha. Anga likakatika matabaka.

Palipokuwa na rangi inayoyeyuka ndani ya nyingine, sasa palikuwa na mikanda iliyopangana juu ya kichwa cha marehemu kama ngazi. Binamu aliinuka akasogea kwenye kioo cha kompyuta.

"Si ubadili iwe ya biti kumi na sita?"

"Nimeshabadili." Kiraka alimwonyesha. "Hii JPEG ina biti nane. Yaani kila rangi ina vidato mia mbili hamsini na sita, basi, toka giza totoro mpaka nyeupe. Na anga hili, kwa kuwa ni giza, limepata vidato kama arobaini tu. Mimi nikilivuta liwe jeupe, navitawanya vidato hivyo, katikati panabaki mapengo. Kuigeuza kuwa biti kumi na sita ni kuhamishia kikombe cha maji kwenye pipa. Pipa ni kubwa, maji ni yaleyale."

"Na ghafi ingekuwa…"

"Kamera yako inaandika biti kumi na nne. Zaidi ya vidato elfu kumi na sita. Ningevuta nisingeona mkanda hata mmoja."

Binamu alivua kofia, akaivaa tena.

Kiraka aliendelea siku hiyo na iliyofuata, kila alipomaliza kazi za wateja. Alilainisha anga, mikanda ikafifia, na vijiwingu vikafutika navyo. Alinyunyiza chembechembe za kuvunja kingo za mikanda. Kidogo hazikutosha, na zilipotosha anga lilifanana na mchanga. Aliujaribu uso, akauinua kutoka gizani, ukatoka na mabaka ya kijani na zambarau, miraba miraba kama vigae. Aliufunika haraka kama mtu aliyeona asichopaswa kuona.

Mchapaji, jirani wa studio mwenye mashine kubwa, alimtolea kipande cha majaribio. Alikiinua dirishani, akaguna. "Hii kwenye simu ingepita. Kwa upana wa mita nzima, mteja ataona ngazi akiwa mlangoni. Mchoree anga jipya, Kiraka. Unaanza na rangi safi, inatoka laini kama hariri. Nani atajua?"

"Mama yangu."

"Mama yako hakuwepo."

Kiraka alirudi kwenye kompyuta. Alichora kweli. Lilitoka laini kama hariri, zuri kuliko lile la kilimani, na halikuwa la kitindamimba. Alilitazama muda mrefu, kisha akalifuta. Miaka yote alikuwa ameziba picha za watu. Sasa mikono ilikuwa mapajani na hakuna alichokuwa akijua zaidi ya pale.

Alipoona hakuna jingine la kufanya, aliiacha picha ya mdogo wake jinsi ilivyo, asiiguse hata kidato kimoja. Isipoguswa, anga lilikuwa zima. Akaichukua ile ghafi ya kundi, ambayo ilikubali kwenda popote, akaanza kuishusha. Akaitia giza, akaipa buluu, akawapaka mwanga wa kutu mabegani. Dada, kaka, yeye mwenyewe, mmoja mmoja, nyuso zao zikazama mpaka zikalingana na uso wa aliyekufa. Alipowaweka ubavuni pake, hakuna mshono ulioonekana. Hakuna sura iliyoonekana pia. Alilia pale kwenye kiti, na binamu, aliyekuwa amerudi kuangalia, akatoka nje kwa kisingizio cha simu.

Ilipochapwa, waliitundika sebuleni kwa mama, mkabala na dirisha. Mama alisogea karibu, macho yake hayakuwa ya zamani. Alilitazama anga kwanza, kwa muda, akitikisa kichwa taratibu.

"Kumbe ndilo hili." Kisha akashusha macho. "Mbona wote mmeingia gizani?"

"Yeye hawezi kutoka, mama. Nimejaribu. Picha yake haiinuki. Sisi ndio tulioweza kumfuata."

"Hata wewe fundi?"

"Hata mimi."

Nje mtu alikuwa akipigilia msumari, akaacha, akaanza tena.

"Haya, nionyeshe alipo."

Kiraka aliushika mkono wa mama yake, akaupeleka juu ya karatasi hadi kwenye kivuli cha tatu kutoka kushoto. Mama aliuacha hapo, akingojea kama vile uso ungejitokeza ukipewa muda, na Kiraka alisimama kando yake.