Antena ya Upande wa Nyuma

Mjini Masumbwe hakuna aliyewahi kumwona Mwalimu Serafina akitoka nje bila kupiga pasi nguo yake. Alikuwa mwalimu mkuu hadi alipostaafu, na mume wake marehemu alikuwa mratibu wa elimu wa kata. Wachimbaji waliotajirika kwa usiku mmoja na wakafilisika kwa wiki moja walipopita mbele ya nyumba ile walipunguza sauti za redio zao. Wengine alikuwa amewafundisha kusoma.

Kwa hiyo Klara, binti yake wa pekee, aliporudi kutoka Dodoma na mimba ya mtu mwenye mashimo ya dhahabu na wake wawili, Mwalimu alimpokea gizani, akamwingiza chumba cha nyuma na kumwambia asisogee barazani. Majirani waliambiwa Klara yuko chuoni. Aliyeuliza zaidi alitazamwa kwa jicho lile lililokuwa likinyamazisha darasa la saba.

Klara hakubisha. Alikuwa amebakiza jambo moja tu: kutetea tasnifu yake ya shahada ya uzamili. Presha ilikuwa imempanda na daktari alimkataza safari, basi chuo kikamruhusu kujitetea kwa video. Ufadhili wake ulikuwa unakwisha muhula huo huo. Akikosa siku hiyo, imekwisha.

Shida ilikuwa mtandao. Ruta yake ndogo, ile ya kutia mfukoni, chumbani ilionyesha mstari mmoja, na mara nyingine hata huo ulipotea. Nyumba ilikuwa imejengwa kwa kuwaogopa wezi wa mji wa dhahabu: bati juu, mlango wa chuma, madirisha ya vibao vya chuma ambavyo Mwalimu hakuvifungua. Ng'ambo ya barabara, kati yao na mnara wa simu, ilisimama gesti ya ghorofa ya Mama Bhoke.

Klara alifungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta, pale inapoandikwa nguvu ya mawimbi, akaanza kupima. Aliiweka mahali, akaiacha itulie, akasoma, akahama.

"Chumbani hasi mia na kumi na nane," alisema. "Namba ikikaribia sifuri ndiyo nzuri, mama. Hii ni mbaya kabisa. Dirisha la sebuleni, vibao vikiwa vimefungwa, mia na kumi na mbili. Hebu nifungulie."

Mwalimu alifungua kibao kimoja, nusu.

"Mia na sita. Unaona? Chuma ndicho kinachotuua. Sasa iweke barazani, juu ya ukuta."

Mwalimu alisubiri barabara iwe tupu, akaitoa ikiwa imefunikwa kwa kitambaa cha meza.

"Tisini na nne!" Klara alishangilia kutoka ndani. "Iache hapo hapo!"

"Iibiwe? Au Mama Bhoke aje aniulize mwanamke mjane anafanya nini na mtandao barazani?" Akairudisha ndani.

Ndipo Klara alipoagiza antena ya nje kutoka Kahama, bapa kama sahani ya mraba, yenye nyaya mbili za kuchomeka kwenye matundu mawili yaliyo ubavuni mwa ruta. Fundi Donatus, anayefunga madishi ya televisheni, alikuja na ngazi.

"Hii inataka kuutazama mnara, mwalimu," alisema. "Tuifunge mbele, juu kabisa kwenye pembe ya paa. Pale itachungulia juu ya gesti."

"Funga nyuma."

"Nyuma itakuwa inatazama choo, mwalimu wangu! Na bati lote liko katikati."

"Donatus, nimekuita ufunge au unifundishe?"

Donatus alicheka kidogo, akafunga nyuma, chini ya ukingo wa paa, akaielekeza upande wa mnara kadiri ukuta ulivyomruhusu. Klara, akiwa amejificha chumbani, alisoma kwa sauti: mia na saba. Jumapili, wakati wa misa, alimpigia rafiki yake kwa video. Sura ilionekana na sauti ilisikika.

"Si unaona?" Mwalimu alisema. Mimba ilisitirika, na binti angesoma. Alilala vizuri siku hiyo.

Jambo ambalo wote wawili hawakulipima ni watu. Jumapili asubuhi nusu ya mji ilikuwa kanisani na simu zimezimwa. Utetezi uliangukia siku ya mnada. Wafugaji walikuwa wamefika na ng'ombe, wachimbaji wameshuka kutoka machimboni, na kila mmoja alikuwa na simu sikioni au anatuma pesa. Mnara ni ule ule, na mwenye mawimbi hafifu ndiye wa kwanza kusukumwa pembeni.

Klara alifungua vibao vya dirisha la chumba chake apate mwanga, akaanza vizuri. Mwalimu alikaa sebuleni, ruta mezani mbele yake na nyaya zimepita dirisha la nyuma hadi kwenye antena, akisikiliza Kiingereza cha mwanawe kwa fahari. Kisha sauti ya mwanamume kwenye kompyuta ikasema, "Bi Klara, tunakupata vipande vipande."

Klara alizima picha ili abaki na sauti tu. Haikusaidia.

"Tunakupa muda kidogo urekebishe. Baada ya hapo itabidi tufunge. Wapo wengine wanaosubiri."

"Mama!" Klara aliita kwa sauti ya chini. "Chomoa nyaya, itoe ruta hadi barazani. Mimi sitoki, nitabaki huku huku. Itoe yenyewe tu!"

Mwalimu alichomoa nyaya, akaikamata ruta, akafika mlangoni. Alichungulia kwenye tundu la ufunguo. Baraza la Mama Bhoke lilikuwa limejaa: wanawake wa kwaya, wanunuzi wa dhahabu, na Mama Bhoke mwenyewe akimenya ndizi, uso umeelekea mlango wa Mwalimu. Angefungua tu, Mama Bhoke angevuka kumsalimu. Angesikia sauti ya Klara. Angeingia.

Alisubiri Mama Bhoke ageuke. Alisimama nyuma ya chuma, ruta isiyo na antena imemjaa kiganjani.

"Mama, umeshatoa? Imeshuka mia na kumi na tisa! Mama!"

Mama Bhoke hakugeuka. Ndizi zake zilikuwa nyingi.

Halafu chumba cha nyuma kikawa kimya. Mwalimu alizungusha ufunguo, akatoka, akaiweka ruta juu ya ukuta wa baraza mchana kweupe. Alirudi mbio.

"Tayari, mwanangu. Sema nao."

"Wameshafunga." Klara hakulia. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili kama mtu anayebeba ndoo. "Tisini na tatu sasa. Safi kabisa."

Nje, Mama Bhoke alikuwa tayari amevuka barabara.

"Hodi, Mama Klara! Mbona leo mlango wazi? Na kadude gani hako ukutani?"

Mwalimu Serafina alitoka barazani. Alinyoosha gauni lake, akajikuta hana lile jicho la darasa la saba.

"Ni ruta ya Klara. Yupo ndani. Ni mjamzito."

"Tunajua, mwenzangu," Mama Bhoke alisema taratibu. "Donatus alimsikia akisoma namba. Na binti hufichwa na mama yake kwa lipi lingine? Tulikuwa tunangoja useme mwenyewe, tulete hata uji."

Mwalimu aligeuka amwite bintiye aje asalimie. Alisikia vibao vya dirisha la chumba cha nyuma vikifungwa, kimoja baada ya kingine, na safari hii aliyevifunga ni Klara.