Umeme wa Bwana Obadia

Kila Ijumaa Hosiana hukusanya daftari za zamu za kiwanda cha mkonge cha Mnyuzi na kuzichambua: mashine ilisimama kwa nini, kwa muda gani, ikatengenezwaje. Waandishi wa daftari hizo huwa na haraka ya kurudi nyumbani, basi kila ubovu wanauita umeme, hata mkanda ukikatika.

Wiki hii fundi Simeo alijisahau akaandika ukweli. Hosiana akautenganisha kwenye muhtasari: kubadili mkanda, nusu saa; kungoja ufunguo wa stoo ya vipuri, saa tano.

Jumatatu iliyofuata msimamizi, Bwana Obadia, ambaye huusoma muhtasari kwa mara ya kwanza akiwa kikaoni, alifoka mbele ya mafundi.

"Saa tano nzima. Nani huyu mzembe anayekaa na ufunguo?"

Macho yote yalishuka mpaka kiunoni mwake, zilikoning'inia funguo.

Akakohoa. "Hosiana, hapo kwenye sababu andika umeme."

"Sawa, bosi. Na kwenye matengenezo niache ilivyo? Nimeandika, 'Msimamizi aliamshwa.'"